Ukipima maji ya bahari mara moja kwa siku: kasi ya kutosha ya sampuli, na masafa bandia yanayozuka ukizembea

Chukua ubao wenye alama za sentimita, uufunge kwenye nguzo ya gati pale Unguja, halafu usome kimo cha maji kila siku saa sita kamili mchana. Baada ya miezi miwili chora grafu. Utapata wimbi zuri, laini, linalopanda na kushuka polepole kila baada ya siku 14 na robo tatu. Hakuna mvuvi aliyewahi kuliona wimbi hilo baharini, kwa sababu halipo. Limetengenezwa na ratiba yako ya kupima.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kukokotoa mapema mambo mawili: upimaji uwe wa haraka kiasi gani ili jambo hilo lisitokee, na ukipima polepole kuliko hapo, ni masafa gani hasa ya uongo yatakayojitokeza. Nimechagua maji kujaa na kupwa kwa sababu ni mfano safi kabisa wa jumla ya mawimbi ya sin na cos. Masafa yake yanatokana na mwendo wa mwezi, jua na dunia, kwa hiyo yanajulikana kwa usahihi mkubwa hata kabla hujagusa maji.

## Hatua ya 1: Andika vijenzi vyote kwa kipimo kimoja

Kimo cha maji mahali fulani huandikwa kama wastani wa bahari ukijumlisha vijenzi vingi, kila kimoja kikiwa wimbi la cos lenye kimo chake, masafa yake na pembe yake ya mwanzo. Wataalamu wa bahari wamevipa majina mafupi ya herufi na namba. Kwa pwani yetu vitano vinatosha kuanzia:

| Kijenzi | Kipindi (saa) | Masafa (mizunguko kwa siku) |
|---|---|---|
| O1 | 25.8193 | 0.92954 |
| K1 | 23.9345 | 1.00274 |
| N2 | 12.6583 | 1.89598 |
| M2 | 12.4206 | 1.93227 |
| S2 | 12.0000 | 2.00000 |

M2 ndiyo kazi ya mwezi, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. S2 ni ya jua. Safu ya mwisho nimeipata kwa kugawa 24 kwa kipindi. Usiendelee mbele kabla ya kufanya hivyo, maana hesabu zote zinazofuata ni za masafa, si za vipindi.

Kama umepewa fomula badala ya jedwali, angalia kilicho ndani ya cos. Katika `cos(80πt)` masafa si 80 wala 80π. Ni 40, kwa kuwa kinachotafutwa ni ile namba inayozidisha 2πt. Kosa hili dogo huongeza kasi unayoihitaji mara mbili bila sababu, au huipunguza nusu ukikosea upande mwingine.

Kuna mtego mkubwa zaidi: kuzidishana. Tuseme umepewa hii, t ikiwa kwa sekunde:

```
x(t) = 2 cos(80πt) + 3 sin(60πt) cos(200πt)
```

Anayesoma haraka ataona 40, 30 na 100 Hz, aseme kubwa ni 100. Lakini sin na cos zikizidishana huzaa mawimbi mawili mapya, moja la jumla ya masafa na lingine la tofauti yake. Kijenzi cha pili kikifunuliwa ni `1.5 sin(260πt) - 1.5 sin(140πt)`, yaani 130 Hz na 70 Hz. Masafa ya 30 na 100 hayamo kabisa ndani ya x(t). Kipeo cha pili nacho ni kuzidisha: cos iliyowekwa kipeo cha pili hutoa masafa maradufu. Kwa hiyo fungua kwanza kila zao mpaka ibaki jumla tupu, ndipo utafute masafa makubwa kuliko yote.

Bahari nayo huzidisha. Maji yanapoingia kwenye hori lenye kina kifupi, msuguano wa chini na kina kinachobadilika huharibu umbo la M2, na kijenzi kipya kinazaliwa chenye masafa maradufu, 3.86455 kwa siku. Kinaitwa M4. Kwenye bahari kuu ni kidogo sana, lakini ndani ya hori kinaweza kufika sentimita kadhaa na zaidi. Kiweke kando kidogo, kitatusumbua baadaye.

## Hatua ya 2: Tafuta masafa ya juu kabisa, zidisha mara mbili, kisha pita hapo

Kanuni, ambayo huambatanishwa na majina ya Harry Nyquist aliyeandika mwaka 1928 na Claude Shannon aliyeithibitisha katika makala ya 1949, ni fupi. Kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa makubwa kuliko yote yaliyomo katika jumla. Masafa ya vijenzi hayajumlishwi, na kijenzi chenye kimo kikubwa hakipewi upendeleo. Kijenzi cha milimita mbili chenye masafa makubwa ndicho kinachoamua, hata kama M2 ina zaidi ya mita.

Kwa vijenzi vyetu vitano kubwa ni S2, masafa 2. Mara mbili yake ni 4 kwa siku, yaani kipimo kimoja kila saa 6. Wengi husimama hapo na kuandika jibu: kila saa 6. Hapo ndipo inapobidi kusoma neno "izidi" kwa makini.

Tuseme S2 ina kimo cha sentimita 60 nawe unapima saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Ikiwa kilele cha S2 kinaangukia saa 6 kamili, utasoma −60, 60, −60, 60, na utafurahi. Ikiwa kilele kinaangukia saa 9, kila ukifika gatini S2 inakatiza sifuri: unasoma 0, 0, 0, 0, na utaapa kwamba jua halina kazi yoyote baharini. Kilele kikiwa saa 8, utasoma 30 na −30, nusu ya ukweli. Katika hali zote tatu masafa hayakuongopa. Kilichopotea ni kimo, na hakuna njia ya kukirudisha kutoka kwenye namba hizo, kwa sababu sentimita 30 inaweza kuwa wimbi la 30 lililopimwa kileleni au la 60 lililopimwa pembeni.

Kwa hiyo mpakani hapafai. Ukipima kila saa 5 na dakika 50 kinadharia umevuka, ila itakubidi ukusanye data kwa siku kadhaa kabla S2 haijajitenga na kivuli chake, yaani wimbi bandia lake. Ukitaka kuishi kwa amani, nenda mara kadhaa juu ya kiwango cha chini. Desturi ya muda mrefu ya kazi hii ni kipimo kila saa moja. Hiyo ni 24 kwa siku, nusu yake ni 12, hivyo chochote chenye kipindi kinachozidi saa 2 kinaonekana jinsi kilivyo, pamoja na M4 na hata nduguye M6, yenye masafa mara tatu ya M2.

Kila saa moja nako kuna mwisho wake. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilifika pwani ya Kenya na Tanzania, na mawimbi ya namna hiyo hupanda na kushuka kwa makumi ya dakika. Kwa kuyafuatilia inabidi kifaa kisome kila baada ya dakika chache au chini ya hapo.

## Hatua ya 3: Kokotoa masafa bandia

Sasa tuseme huna namna. Mtu mmoja, ubao mmoja, kazi nyingine gatini, unasoma mara moja kwa siku. Kipi kitaonekana?

Gawa masafa ya kijenzi, f, kwa kasi ya sampuli, fs. Tafuta namba kamili iliyo karibu zaidi na jibu, tuiite N. Kisha toa:

```
bandia = f - N·fs
```

Ondoa alama ya kutoa kama ipo, na hayo ndiyo masafa utakayoyaona. Jibu sahihi halizidi nusu ya fs. Likizidi, N uliyochagua si ile ya karibu, rudia. Na ikiwa N ni sifuri, hongera, kijenzi hicho kimesalimika.

Alama ya kutoa unayoiondoa ina maana yake, usiisahau kabisa. Inasema kwamba wimbi bandia linakwenda kinyumenyume, yaani pembe yake ya mwanzo imegeuzwa. Kwa masafa peke yake haina athari, lakini ukitaka kujua kilele kilikuwa lini itakubidi uirudishe.

M2 kwa kasi ya 1 kwa siku: 1.93227 iko karibu na 2, kwa hiyo N = 2, na 1.93227 − 2 = −0.06773. Masafa bandia ni 0.06773 kwa siku, kipindi chake siku 14.77. Ndilo lile wimbi la mwanzo.

Sababu yake mtu wa pwani anaijua bila fomula. Mizunguko miwili ya M2 huchukua saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa dakika 50. Ukipima saa ileile kila siku, unayakuta maji yakiwa nyuma kwa dakika 50 kuliko jana, kesho dakika 100, keshokutwa 150. Machelewesho hayo yakikusanyika mpaka yatimize mzunguko mzima wa saa 12.42, wewe unaona umezunguka mara moja. Hilo huchukua siku 14.77.

Angalia namba zenyewe. Nimechukua M2 peke yake, kimo sentimita 120, kilele kikiwa mchana wa siku ya kwanza:

| Siku | Kimo saa 6 mchana (sm) |
|---|---|
| 0 | 120 |
| 1 | 109 |
| 2 | 79 |
| 3 | 35 |
| 4 | −16 |
| 5 | −63 |
| 6 | −100 |
| 7 | −118 |

Kati ya mstari mmoja na unaofuata bahari imejaa na kupwa karibu mara mbili. Jedwali halina habari hiyo. Mtu akipewa namba hizi bila maelezo atachora mstari laini unaoshuka kwa wiki nzima, na hakuna hesabu itakayomkataza, kwa sababu wimbi la siku 14.77 na wimbi la saa 12.42 hupita kwenye nukta hizi zote bila tofauti hata ya milimita.

Vijenzi vingine navyo vina vituko vyao. S2 ni 2 − 2 = 0: masafa bandia sifuri, yaani hakitikisiki kabisa. N2 huonekana kama wimbi la siku 9.6. O1 huwa la siku 14.2, jirani mno na M2 bandia. Na K1, ambayo ni 1.00274, huacha 0.00274, kipindi cha siku 365. Fikiria mtu aliyepima kila mchana kwa miaka miwili. Ataona maji yakipanda na kushuka kwa mwaka, ataoanisha na kaskazi na kusi, na maelezo yatakaa vizuri mno. Bahari kweli ina badiliko lake la msimu, ndiyo maana uongo huu ni hatari: unajipachika juu ya ukweli na kuutia chumvi.

Hizo hesabu si za kufanya kwa mkono kila mara:

```python
def bandia(f, fs):
    N = round(f / fs)
    return f - N * fs

for jina, saa in [("M2", 12.4206), ("S2", 12.0), ("K1", 23.9345)]:
    b = bandia(24 / saa, 1.0)
    print(jina, round(b, 5))
```

Ukibadilisha `1.0` kuwa 24 utaona kila kijenzi kinarudi na masafa yake halisi.

## Bamvu si wimbi hili

Najua mtu wa Mombasa au Unguja ataniuliza: siku 14.77 si ndiyo bamvu na maji mafu? Namba ni ileile, na si bahati nasibu. Bamvu hutokea M2 na S2 zinapopanda pamoja, maji mafu zinapopingana, na mwendo wa kupatana na kupingana kwao ni tofauti ya masafa yao: 2 − 1.93227 = 0.06773. Kupima mara moja kwa siku nako kunaitoa M2 kwenye 2 hiyohiyo, kwa sababu S2 inafuata saa ya ukutani.

Lakini vitu viwili hivi havifanani. Katika bamvu maji hujaa sana na hupwa sana. Wastani wa siku nzima uko palepale. Katika jedwali lako la mchana ni wastani wenyewe unaoonekana kupanda na kushuka. Jumla ya M2 na S2 haina kijenzi cha siku 14.77 hata kimoja. Ina vijenzi viwili vya karibu nusu siku vinavyopishana kidogo.

Tulinganishe na hali ya Unguja, ambako siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi na hupwa karibu na saa nne. Tuseme M2 ni sentimita 120, S2 ni 60, na siku ya bamvu vilele vyote viko saa kumi kamili alasiri. Saa sita mchana bado saa nne kabla ya kilele: M2 inatoa −52, S2 inatoa −30. Ubao unasoma sentimita 82 chini ya wastani. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, M2 imegeuka na kutoa karibu 52 juu, lakini S2 bado ni −30 ileile, kwa hiyo ubao unasoma kama 22 juu ya wastani. Mpimaji wa mchana atatangaza kwamba maji mafu ndiyo yanayoinua bahari.

Na ile −30 haiondoki kamwe. Kila mchana, mwaka mzima, S2 inakaa pale. Mpimaji wa saa sita ataweka wastani wa bahari sentimita 30 chini ya ulivyo. Jirani yake anayepima saa kumi alasiri atauweka sentimita 60 juu. Watabishana kwa sentimita 90 wakiwa kwenye gati moja, kila mmoja ana daftari safi, na hakuna aliyesoma vibaya.

## Hatua ya 4: Kagua kama bandia haiangukii juu ya kitu halisi

Hapa ndipo hesabu ya hatua ya 3 inapolipa. Kujua tu kwamba kuna uongo hakutoshi. Unataka kujua utatua wapi.

Rudi kwenye hori na M4 yake. Mtu ameamua kupima kila saa 5, ambayo ni mara 4.8 kwa siku. Amesoma kwamba S2 inahitaji zaidi ya 4, amevuka, ameridhika. Lakini M4 ina masafa 3.86455, inayozidi 2.4 ambayo ni nusu ya kasi yake. N ya karibu ni 1, na 3.86455 − 4.8 = −0.93545. Linganisha na O1 katika jedwali la kwanza: 0.92954.

Kwa vipindi, M4 bandia ni saa 25 na dakika 39. O1 halisi ni saa 25 na dakika 49. Kuvitenganisha mawimbi mawili yanayokaribiana hivyo kunahitaji data ya muda usiopungua moja gawanya kwa tofauti ya masafa, ambao hapa ni siku 169 hivi. Mwenye data ya mwezi mmoja ataviona kama kitu kimoja. Kila kimoja kikiwa na sentimita 10, atapata O1 yenye kimo chochote kati ya sifuri na 20, kutegemea tu pembe zao zilivyokutana mwezi huo. Mwezi wa pili atapata jibu jingine, na atadhani kifaa kibovu.

Kupima kila saa 6 kungeipeleka M4 kwenye siku 7.4, ambako hakuna kijenzi kikubwa cha kuparamiana nacho. Kwa M4 peke yake, basi, kasi ndogo zaidi ingekuwa na madhara machache, ingawa kwa S2 tumeona ni maangamizi. Ndiyo maana napendelea kuandika jedwali la bandia za kila kijenzi kabla ya kupanga ratiba, badala ya kushika kanuni ya mara mbili peke yake.

## Hatua ya 5: Zuia usiyoyataka kabla ya kupima

Hata ukipima kila saa, kuna mawimbi ya upepo. Yana sekunde chache tu, na hakuna anayefikiria kusoma ubao mara mbili kwa kila wimbi. Wimbi la sekunde 10.01 likipimwa kila saa hufanya mizunguko 359.64 kati ya vipimo. N ni 360, na bandia yake ina kipindi cha saa 2 na dakika 47. Wimbi la sekunde 10 kamili linaganda kabisa. Kwa kuwa mawimbi halisi hayatulii kwenye sekunde moja, bandia zao hutapakaa kila mahali na data huonekana imejaa kelele.

Dawa ni ya bomba. Simamisha bomba pana ndani ya maji, limeziba chini isipokuwa tundu dogo, na upime maji yaliyo ndani yake. Kujaa na kupwa kunapita tunduni kwa raha kwa sababu kuna saa sita za kupita. Wimbi la sekunde kumi halipati nafasi. Anayetumia kihisi cha kielektroniki anaweza kusoma kila sekunde kwa dakika kadhaa na kuhifadhi wastani tu. Njia zote mbili zinafanya kazi moja: kukata masafa makubwa yakiwa bado ni masafa makubwa.

Mpangilio ndio unaohesabika. Ukishachukua kipimo kimoja kila saa na kuhifadhi, kulainisha grafu baadaye hakusaidii chochote, kwa sababu bandia sasa iko katikati ya masafa unayoyataka na imevaa nguo zao.

## Hatua ya 6: Jaribu kuihamisha

Umepewa data ya mtu mwingine, kuna wimbi ndani yake, na hujui kama ni la kweli. Badilisha muda kati ya vipimo kisha pima tena. Masafa halisi hayajali ratiba yako. Masafa bandia yanatoka kwenye f − N·fs, kwa hiyo fs ikisogea kidogo, yenyewe yanaruka mara N.

Kwa M2 tofauti ni kubwa ajabu. Ukipima kila saa 24 unaona siku 14.8. Ukipima kila saa 25, fs ni 0.96, N bado 2, na bandia ni 0.01227: siku 81 na nusu. Kila saa 23, inakuwa siku 6.5. Wimbi linalobadili kipindi chake kwa sababu tu umechelewa kwenda gatini halikai baharini. Mwelekeo wa kuruka pia unakupa N, na ukiwa na N unaweza kurudi nyuma na kupata f halisi.

Kupima tena kukishindikana, fupisha data uliyo nayo. Acha kipimo kimoja katika kila viwili au vitatu na uangalie kipi kimehama. Hilo linakuonyesha vijenzi vinavyoponea karibu na mpaka, ila haligundui kitu ambacho kilikuwa tayari bandia siku data ilipochukuliwa.

## Ukijua masafa, unaweza kuvunja kanuni kwa makusudi

Setelaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa Agosti 1992 kupima kimo cha bahari kwa rada, ilirudi juu ya nukta ileile kila baada ya siku 9.9156. Kwa kanuni ya mara mbili hiyo ni aibu: M2 inafanya mizunguko 19 na kitu kati ya vipimo viwili. Lakini fanya hesabu ya hatua ya 3. M2 huonekana kama wimbi la siku 62.1, S2 siku 58.7, K1 siku 173. Hakuna iliyoganda, hakuna iliyoangukia mwaka. Obiti ilichaguliwa hivyo kwa makusudi, na kwa kuwa masafa halisi yalikuwa yanajulikana, waliotumia data walijua kila bandia ni ya nani na wakachora ramani za kujaa na kupwa za bahari kuu duniani kote.

Gharama yake ni muda. Siku 62.1 na siku 58.7 zinakaribiana, na kuzitenganisha kunahitaji karibu siku 1,083, kama miaka mitatu, kazi ambayo kipimo cha kila saa gatini huimaliza kwa wiki mbili na ushee. Setelaiti ya ERS-1 ya mwaka 1991 haikuwa hata na njia hiyo kwa S2: obiti yake ilifuata jua, kwa hiyo ilipita kila mahali kwa saa ileile ya jua, kama mpimaji wetu wa mchana, na S2 kwake ilibaki sifuri hata ungeisubiri miaka mia.